Maswali yenu: barua ya aleji ya karanga shuleni, na hiyo piritoni mnayoing'ang'ania

Shikamoo dada. Mwanangu yuko darasa la awali, ana aleji kali ya karanga, ameshalazwa mara mbili. Mwalimu mkuu kasema niandike barua. Naandikaje? (Mama J., Sakina)

Marahaba. Andika mbili, sio moja. Ya shule inasema mtoto akianza kubadilika nani afanye nini, ya mzabuni wa chakula inasema nini kisifike kwenye sahani yake. Ukizichanganya inakuwa karatasi ndefu, mwalimu mkuu anaisoma, anaiweka kwenye faili, na yule dada anayepakua uji saa nne hajawahi kuiona wala hajui mtoto mwenyewe ni yupi.

Barua nyingi nazoletewa nizipitie zina mstari mmoja tu, "mtoto wangu ana aleji naomba aangaliwe". Aangaliwe nini sasa? Mwalimu ana watoto hamsini mbele yake. Mwandikie kitu anachoweza kukifuata huku mikono inatetemeka. Weka picha ya mtoto, uzito wake na tarehe aliyopimwa, kama ana pumu iandike kwa herufi kubwa maana mwenye pumu anazidiwa haraka zaidi, halafu hivi:

"J., miaka 6, kilo 20. Akila karanga hata kidogo anaweza kushindwa kupumua ndani ya dakika chache. Ukiona anakohoa mfululizo, sauti imekwaruza, anahema kwa mluzi, ulimi umevimba, anatapika huku ana vipele, au amelegea na kupauka ghafla, mchome adrenalini pajani HAPO HAPO, usinisubiri mimi. Mlaze, miguu juu. Kama anahema kwa shida mwache akae, miguu kanyoosha. Asisimame, asitembee. Mwingine aite gari. Dakika 5 zikipita bila nafuu, mchome ya pili. Hospitali anaenda hata kama ameshachangamka."

Hilo neno usinisubiri ndio roho ya barua. Kinachotokea mashuleni ni kwamba mtoto anaanza kuvimba, mwalimu anampigia mama, mama yuko soko la Kilombero simu iko kwenye pochi, anapigiwa baba, baba anasema ngoja nimtafute daktari, na muda wote huo dawa iko kabatini. Simu ipigwe, lakini ipigwe na mtu wa pili, baada ya sindano. Na hospitali iandikwe kwa jina, iliyo karibu na shule na sio mnayoipenda nyie, mkiwa mjini Arusha inaweza kuwa Mount Meru, wa Moshi Mawenzi au KCMC. Huko akae chini ya uangalizi kwa saa kadhaa maana adrenalini inaisha nguvu mapema na hali inaweza kurudi wakati wote mmeshashusha pumzi. Asipandishwe bodaboda! Mtoto ambaye presha imeshuka ukimkalisha wima katikati ya watu wawili unaweza kummaliza njiani.

Sehemu ya dozi isainiwe na daktari na kupigwa muhuri. Shule ikikataa kupokea dozi iliyoandikwa na mzazi peke yake iko sahihi, msigombane nayo.

Nikiwapa shule piritoni au setirizini si inatosha? Akipewa huwa anapata nafuu. (Baba wa wawili, Njiro)

Haitoshi. Nimeshaandika hili mpaka nimechoka na bado kila wiki linarudi. Hizo zinapunguza muwasho na vipele, basi. Hazifungui koo, hazipandishi presha, na ukimpa kwa mdomo mtoto anayetapika ndio kabisa. Hiyo nafuu uliyoiona ni ya aleji ndogo ambayo ingeisha yenyewe. Ubaya wa piritoni kuwa ya kwanza kwenye orodha ni kwamba mwalimu akishampa anakaa kusubiri ifanye kazi, nusu saa inapita. Kama daktari ameiandika, iwekwe chini kabisa ya karatasi, baada ya adrenalini, na iandikwe "kwa muwasho tu". Vivyo hivyo ile pampu ya pumu, inakuja baada ya sindano na sio badala yake.

Na msisubiri vipele ndio muamini. Wapo watoto ambao ngozi iko safi kabisa huku wanakata pumzi.

Dada, kalamu ya adrenalini tumeikosa kila duka la dawa, daktari katuandikia ya kichupa. Walimu wanaogopa. Tufanyeje? (Mama N., Moshi)

Hapa ntakaa kidogo. Kalamu ile inayojichoma yenyewe ni bora kwa mtu asiye muuguzi, na wengi wanaipata kwa ndugu aliyeko nje, kwa bei ya kuumiza. Ukibahatika ziwe mbili, sio moja, na ile ya miligramu 0.15 kwa kawaida ndio ya mtoto wa kilo 15 mpaka 30. Inapenya hata nguo, msihangaike kumvua kaptula.

Kichupa nacho kinaokoa, dawa ni ile ile. Shida yake ni hesabu na muda. Kichupa cha kawaida kina mililita 1 yenye miligramu 1, kimeandikwa 1 mg/ml au 1:1000. Dozi ya mtoto ni miligramu 0.01 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 20 kama huyo wa Sakina anapata 0.2 ml, yaani moja ya tano tu ya kichupa. Sasa mwalimu aliyeshtuka akikivuta chote akamchoma, kampa mara tano. Ndio maana kwenye barua muandike "0.2 ml" na sifuri mbele, msiandike ".2" maana hiyo nukta haionekani, na kwenye kiboksi muweke bomba la 1 ml lililopigwa alama ya kalamu nyekundu kwenye mstari wa 0.2. Mwanao ana kilo ngapi mimi sijui, kwahiyo namba yako akuandikie daktari, na kila muhula apimwe upya.

Bomba la insulini hapana. Nimeliona kwenye viboksi vya watu kwa sababu ni dogo na ni rahisi kupata, lakini sindano yake ni fupi, dawa inabaki chini ya ngozi wakati inatakiwa ifike kwenye msuli, na mistari yake inahesabu yuniti. Omba ile sindano ya bluu ya kuchomea msuli. Inachomwa upande wa nje wa paja, katikati kati ya nyonga na goti. Sio takoni, sio mkononi, na kwenye mshipa ni marufuku kwa yeyote asiye daktari mwenye mashine ya kumfuatilia mgonjwa.

Uoga wa walimu unaisha kwa mazoezi, hauishi kwa semina. Chukua kichupa kilichopitwa na muda, nenda nacho shuleni na chungwa, kila mtu akivunje, avute mpaka kwenye alama, atoe hewa, achome chungwa. Mara ya kwanza watakata vidole na watachukua muda mrefu kweli. Bora wachukue muda huo kwenye chungwa. Wawe watatu angalau, mwalimu wa darasa, matroni, na mmoja wa jikoni, maana mwalimu wa zamu akiwa na msiba ndio siku hiyo hiyo itatokea. Ukimweleza mwalimu kwamba mtoto ataona moyo unadunda, atatetemeka na kupauka kidogo kwa dakika chache halafu inapita, na kwamba hatari kubwa iko kwenye kuchelewa, utaona mabega yanashuka.

Kama daktari atakubali kuwajazia bomba kabisa, aandike juu yake tarehe ya kulitupa. Dawa kwenye bomba haidumu kama ndani ya kichupa.

Dawa ikae friji? (Fundi, Usa River)

Hapana. Mahali pa kawaida penye kivuli, ndani ya boksi lake, na sio kwenye gari wala dirishani. Ikigeuka rangi ya pinki au kahawia itupeni. Na kabati lisifungwe kufuli, ufunguo huwa unaenda nyumbani na mtu.

Mzabuni wetu ameniambia kabisa hapiki karanga. Bado nimwandikie? (Mama T., Soweto, Moshi)

Mwandikie, tena kwa urefu. Akisema hapiki karanga anamaanisha hakaangi karanga. Muulize uji wa asubuhi ni unga gani. Kama ni uji wa lishe, humo ndani kuna mahindi, ulezi, soya na karanga, na yeye hauhesabu kama karanga kwa sababu kwake ni unga. Halafu muulize unasagwa wapi. Kwenye mashine ya mtaani, aliyekutangulia kasaga lishe, wewe unamwaga mahindi yako, na kilo za kwanza zinazotoka zimebeba vumbi la mwenzako. Kwa mtoto wa namna hii hilo vumbi linatosha kumpeleka hospitali. Kwahiyo unga wake utoke kwenye mashine isiyosaga karanga au usage nyumbani, na mimi ningempa uji wake kwenye chupa kutoka nyumbani, hiyo moja imeisha.

Halafu mboga. Mchicha, kisamvu, hata makande, nazi ikipanda bei mpishi anaweka karanga ili kuipa uzito, na hakuna anayekuambia kwa sababu kwake ni ufundi wa jikoni. Andika waziwazi: "siku mkibadilisha kiungo chochote nipigieni kabla hamjapakua." Kingine ni upawa. Umetoka kwenye kisamvu cha karanga cha walimu, umeingia kwenye maharage ya watoto, imeisha hiyo. Omba sufuria yake ndogo, mwiko wake, sahani ya rangi ambayo hakuna mwingine anayo, na apakuliwe wa kwanza. Kumtolea karanga pembeni ya sahani hakusaidii, na moto haziogopi, kukaanga kunazifanya kali zaidi.

Mikono ioshwe kwa maji na sabuni. Sanitaiza inaua vijidudu lakini mabaki ya karanga inayaacha pale pale kwenye vidole.

Akiwa na aleji ya karanga na maharage aache? (Bila jina)

Kama amekuwa akila bila shida, aendelee kula.

Shule imenipa fomu nisaini kwamba lolote likitokea haitawajibika. Nisaini? (Mama J. tena)

Mimi nisingesaini hivyo ilivyo. Rudi nayo kwa mwalimu mkuu, muombe iongezwe majina ya watu watatu watakaochoma, mahali dawa ilipo, na sentensi kwamba umewaruhusu wamchome kwa maelekezo ya daktari. Hiyo ruhusa ndio wanayoihitaji kweli, mwalimu anaogopa kushtakiwa kwa kuchoma. Akikataa hata hapo, mama, anza kuulizia shule nyingine, na mpaka uipate mtoto asile chochote kilichopikwa pale.