Barua ya benki au stetimenti ya mteja?

"Stetimenti ya benki aliyonipa mteja na barua ya benki yenyewe, ipi ina nguvu zaidi kama ushahidi wa ukaguzi wa hesabu?"

Barua, ila benki ikutumie wewe moja kwa moja, na ombi ulitume mwenyewe, sio kupitia mhasibu wa mteja. Kwenye kampuni ya maziwa ya Parmalat kule Italia 2003 kulikuwa na barua ya Bank of America ikionyesha karibu euro bilioni 4, kumbe ya kughushi, kwahiyo kutoka nje peke yake haitoshi. Chini yake stetimenti iliyopita mikononi mwa mteja, halafu kitabu chake cha fedha, hicho kinaaminika zaidi kama udhibiti wa ndani uko vizuri, maelezo ya mdomo ndo mwisho, yaandike kisha yatafutie karatasi. Ukirundika ushahidi dhaifu wingi utakuwa nao ila ubora bado.