Kichwa cha barua pepe: maswali yenu

Naandika "Muhimu sana" kwenye kichwa na bado sijibiwi. Nakosea wapi?

"Muhimu" inaeleza wasiwasi wako, haimwambii mwenzio afanye nini. Tangulia na jambo lenyewe, fuatisha unachoomba, malizia na tarehe. Tuseme ndani ya barua unaomba mtu asaini mkataba wa kuezeka paa. Basi andika hivyo: "Mkataba wa paa: saini yako kabla ya 14 Machi 2025". Usiseme "kabla ya Ijumaa". Ikifika Septemba, nani atajua ni Ijumaa ipi?

Kiwe kirefu kiasi gani?

Simu nyingi huonyesha takriban herufi 30 hadi 40, zilizobaki hukatwa. Kichwa cha hapo juu kikikatwa kwenye herufi ya 35 kinabaki "Mkataba wa paa: saini yako kabla ya". Tarehe imepotea, lakini ombi limefika. Anayeanza na salamu anabaki na "Habari za asubuhi, naomba kukukumbu". Salamu ina nafasi yake ndani ya barua.

Nina hakika niliandikiwa kuhusu kulipa fundi, lakini nikitafuta "kulipa" siletewi kitu.

Jaribu "malipo". Kiswahili chetu hubadilisha neno mbele na nyuma, ilhali Gmail, kwa mfano, hulinganisha neno zima: ukiandika "lipa" haikuletei "malipo" wala "nimelipa". Mimi mwenyewe niliwahi kutafuta "kukodi" asubuhi nzima, kumbe mwenzangu aliandika "ukodishaji".

Dawa yake ni kuweka nomino kwenye kichwa badala ya kitenzi, na kubaki na nomino ile ile. Leo "ankara", kesho "bili", keshokutwa "hati ya madai": hapo umejificha mwenyewe. Kama hati ina namba, inakili kama ilivyo, mfano "Ankara A-0172: paa". Namba haina umoja wala wingi. Kisha kwenye Gmail utaandika:

```
subject:(ankara paa)
```

Na barua uliyotumiwa ikiwa na kichwa cha "Habari" tu? Jitumie nakala yake chini ya kichwa chako. Ni dakika moja, na mimi hufanya hivyo kwa kila mkataba.

Tulianza na ratiba ya mkutano, sasa tunabishania bajeti chini ya kichwa kile kile. Nikibadilishe?

Kibadilishe, na ukibadilishe mapema, kabla majibu hayajawa ishirini. Fahamu tu kwamba Gmail ikiona kichwa kipya hufungua mazungumzo mapya, na yale ya awali hubaki kivyake. Kwa hiyo mstari wa kwanza useme: "Hii inatoka kwenye barua ya 'Ratiba ya mkutano, Juni 2025'." Atakayetaka chanzo atautafuta mkutano, na wa bajeti ataanzia hapo hapo. Ila kama unajibu jambo lile lile, hata kwa neno moja, usikiguse kichwa.