Watu waliomo kwenye list zote mbili niwafanyeje?

"Nafanya sevei ya simu, nina list ya namba za mkononi na list ya kaya za mtaa. Wanaotokea kote niwafute?"

Usiwafute ndugu yangu, wapunguzie uzito tu, yaani idadi ya watu ambao kila mmoja anawawakilisha kwenye hesabu. Kila mtu muulize ana laini ngapi zinazopatikana, kaya yao ina watu wazima wangapi, na mkuu wa kaya ni nani ili umtafute kwenye list ya mtaa, maana ukilinganisha namba peke yake utawakosa wengi, watu wanabadilisha laini kila siku.

Sasa tuseme umechukua namba 1 kati ya 100 na kaya 1 kati ya 50, halafu kila kaya unaongea na mtu mzima mmoja kwa kura. Mama mwenye laini mbili, kwao watu wazima wawili: kwa simu nafasi yake 2/100, kwa kaya 1/100, jumla kama 3/100, basi uzito wake ni 100/3, yaani 33 hivi, hata umempata kwa list ipi. Ukimwacha na 50 akitoka kwenye simu na 100 akitoka kwenye kaya, watu wa aina yake watahesabika mara mbili, na yule asiye na simu yake, anayepatikana kwa list ya kaya tu, anamezwa kabisa.