Keigo: jua kwanza anayetenda ni nani

Wadogo zangu mnaoanza kazi za mapokezi huku Japani, juzi nimelisikia tena kaunta kosa la lugha ya heshima. Mgeni wetu kazini anamwuliza mteja kwa unyenyekevu kabisa kama ametazama nyaraka: "Shiryou wa haiken saremashita ka?" Alidhani sareru imeongeza heshima. Lakini haiken suru ni kenjougo, lugha ya kujishusha: anayetazama ndiye anayejishusha. Ukishamshusha mteja, sareru haimpandishi tena. Sema "Goran ni narimashita ka?"

1. Kabla ya kuchagua kitenzi, jiulize anayetenda ni nani. Mteja akitenda ni sonkeigo, lugha ya kumpandisha; ukitenda wewe ni kenjougo. Jedwali la irassharu na mairu mnalo kichwani. Mnakwama kwenye maumbo yanayofanana. O-machi shimasu, anayesubiri ni mimi. O-machi ni narimasu, ni mteja. Kwa hiyo kumwambia mteja "go-riyou dekimasu" si sawa, hata kama mmeiona kwenye mabango, kwa sababu dekimasu hapo ni uwezo wa ile suru ya kujishusha. Sema "go-riyou ni naremasu".

2. Mbele ya mteja, bosi wako ni mtu wa kwenu. Hapa ndipo wengi wetu wa pwani tunapopata shida, maana tumelelewa kumwita mkubwa kwa heshima popote alipo. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha alipokea simu ya mteja akajibu: "Tanaka-kachou wa irasshaimasen." Kwa sikio la mteja, kampuni imejipandisha yenyewe mbele yake. Jibu lilikuwa "Kachou no Tanaka wa tadaima seki o hazushite orimasu": cheo kikae mbele ya jina, san isiwepo, na oru ichukue nafasi ya irassharu. Nilimrudisha kwenye sentensi hiyo mpaka ikakaa. Kisha siku nyingine akapiga mke wa bosi, naye kijana akamjibu vilevile, Tanaka mkavu, orimasu. Masikini, alifuata nilichomfundisha, ila sikuwa nimefika huko. Mke ni wa upande wa bosi, kwa hiyo kwake bosi anapanda tena: "Tanaka-kachou wa tadaima gaishutsu nasatte imasu." Kumbe anayesikiliza naye anaamua. Sikilizeni simu ni ya nani kabla ya kujibu, jamani!

3. Ukagau na mairu zote ni za kujishusha, ila hazifanyi kazi moja. Ukagau humpandisha yule unayemwendea. Mairu humheshimu anayekusikiliza tu. Mwongozo wa keigo wa mwaka 2007 wa Baraza la Utamaduni la Japani umezitenga katika makundi mawili. Ukimwambia mteja "ashita, otouto no tokoro ni ukagaimasu", umempandisha mdogo wako mwenyewe. Kwa mdogo wako tumia mairimasu. Ukienda kwa mteja mwenyewe, zote mbili zinakubalika, nami ningechagua ukagaimasu.