Kisoma skrini hakitafsiri, na programu inayotafsiri kila kitu haifai kuaminiwa

SWALI: Macho yangu hayasomi tena maandishi ya simu, kwa hiyo ninatumia TalkBack, kisoma skrini kinachonisomea kwa sauti yaliyomo kwenye simu ya Android. Kazini tumepewa programu ya kupokea oda ambayo ina Kiingereza pekee. Nimeweka sauti ya Kiswahili, lakini inasoma maneno yasiyoeleweka, ingawa vitufe inavitaja kwa Kiswahili. Mwenzangu amenitumia faili la APK, yaani faili la kuweka programu bila kupitia duka la programu, ambalo anasema linatafsiri skrini nzima, hata programu za benki, na linaomba ruhusa ya Ufikivu. Je, niliwashe?

JIBU: Ndugu msomaji, usiliwashe. Kama umekwisha kuliwasha, anza na aya mbili za mwisho za jibu hili kabla ya kurudi kusoma hizi za mwanzo.

Sauti uliyoiweka haijaharibika. Inafanya kazi yake sawasawa, ila kazi hiyo si kutafsiri. Kila programu ya Android huupa mfumo wa simu maelezo ya vitu vilivyomo kwenye ukurasa wake: hiki ni kitufe, hiki ni kisanduku cha kutia tiki, hapa pana maandishi fulani. TalkBack huyachukua maelezo hayo na kuyakabidhi kwa injini ya sauti, nayo injini huyatamka kwa kanuni za lugha uliyoichagua. Ukichagua sauti ya Kiswahili, neno la Kiingereza litatamkwa kana kwamba limeandikwa kwa Kiswahili, silabi kwa silabi, na matokeo yake ndiyo hayo unayoyasikia.

Kinachowachanganya wengi, na sikumbuki mara ngapi nimelieleza jambo hili, ni lile neno "kitufe" linalosikika kwa Kiswahili safi. Aina ya kitu, hali yake na maelekezo ya kugusa mara mbili ni maneno ya TalkBack yenyewe, na hayo yalikwisha kutafsiriwa na waliounda TalkBack. Jina la kitufe ni mali ya programu ya kazini kwako, na hilo husomwa kama lilivyoandikwa. Mtu husikia nusu ya sentensi kwa Kiswahili, akadhani mashine imeanza kutafsiri na kwamba imebaki mipangilio kidogo tu ili imalizie nusu ya pili. Hakuna mipangilio hiyo. Wanaouza "TalkBack iliyoboreshwa inayotafsiri" wanaishi kwa dhana hiyo.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba Kiswahili hakimo kweli katika programu ya kazini kwako. Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, mipangilio ya lugha ina sehemu ya kuchagua lugha ya programu moja moja, na baadhi ya programu zina Kiswahili ambacho hakijitokezi kwa sababu simu nzima imewekwa Kiingereza. Programu yako isipoonekana humo, huo si uthibitisho kamili, kwa sababu nyingine huweka uchaguzi wa lugha ndani ya mipangilio yao zenyewe.

Ikiwa hakimo, rudisha sauti ya Kiingereza unapoitumia programu hiyo. Najua ushauri huu unaonekana kama kurudi nyuma, lakini neno la Kiingereza lililotamkwa kwa Kiingereza unaweza kulizoea na kulitambua, wakati lile lililotamkwa kwa kanuni zisizo zake halimsaidii anayejua Kiingereza wala asiyekijua. Huhitaji kwenda kwenye mipangilio kila mara: ukiwa na sauti za lugha zote mbili ndani ya simu, lugha ya kusoma hubadilishwa katika menyu ya TalkBack, ambayo kwenye matoleo ya sasa hufunguka kwa kugusa skrini mara moja kwa vidole vitatu.

Sasa tuchukue ukurasa mmoja wa kuthibitisha oda. Unatelezesha kidole kulia, kitu kimoja baada ya kingine, mpaka unasikia maneno usiyoyajua yakifuatwa na taarifa kwamba hicho ni kisanduku na kwamba kimetiwa tiki. Tuseme maneno hayo ni "Do not notify the customer". Fungua menyu ya TalkBack, uchague kunakili maneno yaliyosemwa mwisho, kisha nenda Google Translate na uyabandike. Hapa pana mtego mdogo. Kilichonakiliwa ni tamko zima, pamoja na maneno ya Kiswahili ya TalkBack kuhusu kisanduku na tiki. Ukiiacha programu ya kutafsiri itambue lugha yenyewe, mchanganyiko huo unaweza kuipotosha, kwa hiyo taja kwa mkono kwamba chanzo ni Kiingereza na uyapuuze maneno ya ziada yatakapojitokeza kwenye jibu. Jibu lenyewe utalisikiliza kwa sauti ya Kiswahili: usimjulishe mteja.

Ukirudi kwenye oda, unajua mambo mawili: maana ya maneno, ambayo umeipata kwenye tafsiri, na kwamba kisanduku kimetiwa tiki, jambo ambalo umelipata kwa TalkBack. Ukiweka pamoja mambo hayo, mteja hatajulishwa. Ungekuwa na maana bila hali, au hali bila maana, ungeituma oda ukiamini kinyume chake. Kazi hii ni ya polepole kwa siku chache za mwanzo. Lakini programu ya kazini ina kurasa chache zinazojirudia, na ukishatafsiri kila lebo mara moja na kuihifadhi kwenye daftari la simu, hutahitaji tafsiri tena mpaka ukurasa utakapobadilishwa.

Je, hayo madirisha yanayoelea na kuweka tafsiri juu ya skrini hayangefanya kazi hii kwa haraka zaidi? Kwa mtu anayeona, ndiyo, mara nyingi. Nayo hufanya hivi: hupiga picha ya skrini, hutambua herufi zilizomo, huzitafsiri, kisha huchora maneno mapya juu ya yale ya zamani. Tazama kinachopotea njiani. Picha haijui kitufe ni nini wala kisanduku kimetiwa tiki au la. Vitufe viwili vilivyo jirani huweza kusomwa kama mstari mmoja, na tafsiri yake ikatoka kama sentensi moja isiyokuwapo. Kitufe chenye alama tupu bila maandishi hakitafsiriwi kabisa. Kwako wewe pana tatizo la ziada: tabaka lililochorwa juu ni dirisha jingine, lisilofungamana na vitufe vilivyo chini yake. Ukigusa mahali palipoandikwa tafsiri, mara nyingi TalkBack hukutana na picha isiyo na maelezo, ikanyamaza, au ikataja jina la programu ya kutafsiri, na kitufe ulichokitafuta kimefunikwa.

Zipo hali ambazo picha ni bora kuliko kisoma skrini, nazo ni zile ambazo maandishi yamo ndani ya picha au mchezo. Utazitambua kwa sababu unapapasa skrini nzima na husikii kitu, ilhali mwenye macho anakuambia imejaa maneno. Hapo piga picha ya skrini, uifungue katika Google Lens, uitafsiri humo, na umsikilizie TalkBack ndani ya ukurasa wa Lens badala ya kuweka tabaka juu ya programu nyingine. Ukisikia "kitufe kisicho na lebo", hapo hata tafsiri haina la kufanya, maana hakuna neno lililoandikwa. Mwombe mtu unayemwamini akuambie kitufe hicho ni cha nini, kisha ukipe jina kwa Kiswahili kupitia menyu ya TalkBack, ambayo huruhusu jambo hilo kwa vitu vingi, ingawa si vyote.

Nirudi kwenye lile faili. Lililonitia shaka zaidi ni sifa ile ile iliyotajwa kama ubora wake, kwamba linatafsiri hata programu za benki. Programu nyingi za benki huzuia kupigwa picha za skrini, na programu ya kutafsiri kwa njia ya picha ikifika hapo hupata weusi mtupu. Anayeahidi kuuvuka ukuta huo hatumii picha. Anatumia ruhusa ya Ufikivu, ile ile aliyo nayo TalkBack, ambayo inasoma maandishi yaliyomo kwenye programu hata pale picha zinapozuiwa, inasoma namba za siri zinazoingia kwa ujumbe, na inaweza kubonyeza vitufe kwa niaba yako. TalkBack inahitaji uwezo huo wote, na bila huo wewe usingeweza kutumia simu. Faili lililopitishwa mkono kwa mkono halistahili hata nusu yake. Virusi vya kuiba pesa vilivyojulikana kwa majina ya Anubis na Cerberus vilitegemea ruhusa hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo, Android 13 iliongeza kizuizi: programu iliyowekwa kwa faili lililotoka nje ya duka la programu huweza kukuta swichi yake ya Ufikivu imefungwa, pamoja na taarifa kwamba imefungwa kwa usalama wako. Kinachonikera ni kwamba maelekezo yanayosambazwa pamoja na mafaili haya huwa na hatua ya kukuelekeza uingie kwenye maelezo ya programu, ubonyeze nukta tatu, uruhusu mipangilio iliyozuiwa. Ukiona hatua hiyo kwenye maelekezo ya mtafsiri wa skrini, acha hapo hapo. Wanaolengwa ni watu kama wewe, waliokwisha kuzoea kuwasha Ufikivu na wasioiona ruhusa hiyo kuwa jambo la ajabu.

Kwa aliyekwisha kuliwasha: zima mtandao wa simu na Wi-Fi, kisha ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya Ufikivu, na uizime huduma ya programu hiyo kabla ya kuifuta. Ukurasa huo ukijifunga wenyewe kila unapoufungua, programu inajilinda, na hiyo ni dalili tosha ya nia yake. Washa simu katika hali salama, ambayo kwenye simu nyingi hupatikana kwa kubonyeza na kushikilia chaguo la kuzima simu katika menyu ya kuzima. Ukiwa na TalkBack, gusa chaguo hilo mara mbili na ushikilie kidole kwenye mguso wa pili. Katika hali hiyo programu ulizoziongeza mwenyewe hazifanyi kazi, lakini TalkBack iliyokuja na simu itaendelea kusema. Ikiwa sauti yako ya Kiswahili inatoka kwenye injini uliyoipakua kando, itanyamaza, na itakubidi utumie ile iliyokuja na simu.

Ikiwa programu hiyo ilijipa pia cheo cha msimamizi wa kifaa, iondolee cheo hicho kwanza, la sivyo haitafutika. Nywila za benki na barua pepe zibadilishe kwa kutumia simu nyingine, na uijulishe benki siku hiyo hiyo, hata kama salio halijaguswa.