Kwa nini zamani nilibana pumzi nikawa salama, sasa na mpira wa hewa naambiwa nitapasuka mapafu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Igombe, kazi yangu ni vizimba vya sato, nazama kucheki nyavu na kutoa samaki waliokufa. Miaka yote nashuka kwa pumzi yangu mpaka mita 5 au 6 napanda nimebana, sijawahi kuumwa. Mwezi huu bosi kaleta kompresa na mpira wa hewa, jamaa aliyekuja kutuonesha anasema ukipanda umebana pumzi unakufa. Mita 6 tu? Na je, nikishuka kwa pumzi yangu halafu nikavuta mara moja tu kwenye mpira wa mwenzangu nipande, hapo vipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo jamaa kasema kweli ila hakukueleza kwa nini, na mtu asipoelezwa kwa nini siku ya presha anasahau, kwa hiyo tuanze na puto, maana hivi ndo huwa nawafundisha vijana wangu na wanaelewa siku hiyo hiyo.

Chukua puto mbili. Moja ijaze juu kwenye mtumbwi, ifunge, ifungie jiwe ishuke na kamba mpaka mita 9. Ukiwa chini utaiona imenywea, imebaki nusu. Ivute juu inarudi vilevile ilivyokuwa, haijapata shida yoyote. Sasa ile ya pili shuka nayo ikiwa tupu, ukifika chini mita 9 uijaze kwa hewa ya mpira mpaka itune kabisa, ifunge, iachie. Haifiki juu, inapasuka njiani.

Puto ya kwanza ndo wewe wa miaka yote hiyo. Ya pili ndo wewe wa kompresa.

Kinachofanya kazi hapo ni uzito wa maji. Hapa Mwanza tupo kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar, kwa hiyo maji ya ziwa ya mita 9 tu yanatosha kuongeza presha nyingine sawa na ile ya hewa ya juu (baharini Dar inabidi ufike mita 10). Yaani juu una presha moja, mita 9 una mbili, mita 18 una tatu. Hewa nayo ukiibana mara mbili inakuwa nusu, ukiiachia inarudi mara mbili, haina ubishi na haijali wewe ni mzoefu au mgeni.

Sasa weka mapafu hapo. Tuseme yako yakijaa kabisa yanabeba lita 6, ni makadirio ya mwanaume mkubwa. Ukishuka kwa pumzi yako, zile lita 6 ulizovuta juu zinabanwa mpaka lita 3 ukiwa mita 9, ukipanda zinafunguka taratibu zinarudi 6. Hazizidi sita, kwa sababu ni hewa ileile uliyoondoka nayo. Ndo maana hujawahi kuumwa, wala haikuwa bahati.

Lakini ukivuta kwenye mpira, kompresa inakupa hewa yenye presha ya pale ulipo, lazima iwe hivyo la sivyo kifua kisingeweza kuvuta kabisa. Kwa hiyo ukiwa chini mapafu yamejaa lita 6 za hewa iliyoshindiliwa. Panda nayo umebana kutoka mita 9, juu inataka kuwa lita 12. Kutoka mita 4 na nusu inataka kuwa lita 9. Ndani ya kifua cha lita 6. Zile lita 3 zitakaa wapi?

Hapo kwenye kina kifupi ndo watu wengi wanakosea, wanadhani hatari ipo huko chini mita 30. Kinyume chake. Ukitoka mita 18 kwenda mita 9 presha inapungua kutoka tatu kwenda mbili, hewa inaongezeka nusu yake. Ukitoka mita 9 kwenda juu inaongezeka mara mbili kabisa, na umbali ni uleule. Mabadiliko makubwa yapo kwenye zile mita za mwisho, palepale vizimba vyako vilipo. Mapafu yaliyojaa hewa ya kompresa yanaweza kuchanika ukipanda kama mita moja na kitu tu umebana koo, yaani maji ambayo ukisimama yanakufika kifuani.

Na ubaya wake hayakupi taarifa. Sikio linauma ukishuka, unajua tatizo lipo. Mapafu kwa ndani hayana ule mshipa wa kuhisi maumivu hivyo, wengine wanasema walihisi kifua kimejaa kidogo basi. Vile vifuko vidogo vya hewa vinachanika na hewa inatafuta pa kwenda. Inaweza kutoka nje ya pafu ikakaa kati yake na mbavu, pafu likanywea, utasikia kichomi upande mmoja na pumzi haitoshi. Inaweza kupanda kwenye shingo, sauti inabadilika na ukibonyeza ngozi ya shingo inatoa mlio kama unabonyeza mfuko wa rambo. Mbaya kuliko zote ni ikiingia kwenye mishipa ya damu inayotoka mapafuni, maana hapo njia ni moja, moyo, halafu ubongo. Viputo vinaziba damu ya ubongo kama vile mtu aliyepata kiharusi.

Nilishawahi kuwa kwenye mtumbwi siku limetokea, sehemu siitaji. Kijana yupo chini kama mita 6 anashona wavu, kompresa ikakata, mafuta yameisha na hakuna aliyeangalia. Akavuta, hakuna kitu, akafanya kile ambacho kila binadamu angefanya, ile hewa aliyobaki nayo akaibana, akatema kidude cha mdomoni, akapiga miguu juu kama risasi. Akatokea, akashika ubavu wa mtumbwi, akacheka, akasema niko poa. Tukaanza kumlaumu mtu wa mafuta. Haikupita dakika tano kamba ikamtoka mkononi, mkono wa kulia hauna nguvu, tukimuuliza jambo anajibu maneno yasiyoeleweka, povu lenye damu kidogo mdomoni. Mmoja wetu akasema ni mambo ya ziwa haya, tumpeleke kwa mzee fulani. Hakuna mambo ya ziwa, ni hewa kwenye kichwa. Alipona, mkono ulichukua wiki nyingi, ila tulipoteza muda mwingi kubishana na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: mtu yeyote aliyekuwa anavuta hewa chini, akapanda, na ndani ya dakika kumi akazimia, akachanganyikiwa, akapooza upande, akaona giza au akapata kifafa, mchukulie ni hiyo mpaka daktari aseme siyo. Mlaze chali, usimkalishe, usimnyanyue miguu. Kama hana fahamu ila anapumua, mlaze ubavu. Kama hapumui, anza kumpulizia na kumbonyeza kifua hapohapo. Oksijeni ya hospitali kama ipo kwenye boti mpe yote bila kupunguza, na usije ukamrudisha majini eti "akashushe presha", wapo wanaofanya hivyo na wanamuua mtu. Mkifika Bugando au kituo chochote kilicho karibu neno la kwanza semeni alikuwa anavuta hewa ya kompresa chini ya maji, kina fulani, kapanda haraka, maana ukisema tu "kazama" watamtibu kama mtu aliyekunywa maji, wakati huyu anatakiwa oksijeni na ikiwezekana chemba ya presha.

Sasa kompresa ikikukatikia wewe ufanyeje. Usikiteme kidude, kwa sababu ukipanda presha ya nje inapungua na ile hewa kidogo iliyobaki kwenye mpira inaweza kukupa pumzi nyingine. Inua kidevu, tazama juu, panda huku unatoa sauti "aaaa" ndefu, kwa sababu sauti haiwezi kutoka koo likiwa limefungwa, ndo siri yake. Usipulize yote kwa nguvu mwanzoni, acha itoke kidogokidogo. Vijana wananiambia mwalimu nitaishiwa pumzi, nawaambia jaribuni muone, unatoa na bado unayo, kwa sababu inazidi kutanuka kadiri unavyopanda. Kwa siku ya kawaida, mwendo ni kama mita 9 kwa dakika, yaani kutoka mita 6 tumia sekunde 40 hivi, unapumua kawaida bila kukatisha. Kama vile viputo vidogo kabisa vinakuacha hapo uko sawa, kama wewe unaviacha basi punguza.

Na ukiwa na mafua ya kifua, kikohozi chenye makohozi, au una pumu, siku hiyo baki juu ya kizimba. Makohozi yanaziba kanjia kadogo ndani ya pafu, hewa ya sehemu ile inakwama, hata ukipiga hiyo "aaaa" vizuri haitoki na inachanika hapo hapo. (Hiyo kompresa yenyewe hakikisha bomba la kuvutia hewa lipo mbali na moshi wa injini na upande upepo unapotokea, hilo ni somo lingine lakini limeua watu pia.)

Jambo jingine ambalo watu wa ziwani inabidi walijue. Mnakumbuka MV Nyerere mwaka 2018 pale Ukara, yule fundi mitambo alitolewa hai baada ya siku mbili, alikuwa kwenye hewa iliyonaswa ndani ya kivuko kilichopinduka. Hewa iliyonaswa chini ya maji nayo imebanwa na maji, haina tofauti na ya kompresa. Kwa hiyo mtumbwi ukipinduka ukajikuta unapumua humo chini, kadiri hiyo hewa ilivyo chini zaidi ndo hatari inavyoongezeka, na siku unachomoka kwenda juu toka na "aaaa" yako.

Sasa lile swali lako la mwisho, na nimefurahi umeuliza kwa sababu hilo ndo wazamiaji wa pumzi wanafanya sana, kijana anashuka kusaidia, anaona mwenzake ana mpira, anaazima pumzi moja anapanda. Piga hesabu. Umeondoka juu na lita 6, ukiwa mita 6 zimebanwa zimebaki lita 3 na nusu na ushee. Ukivuta mara moja tu ukajaza kifua, umeongeza lita kama 2 na nusu za hewa ya presha. Panda umebana kama ulivyozoea, juu inataka kuwa lita 10. Pumzi moja ya kuazima imeshakutoa kwenye puto ya kwanza imekuweka kwenye ya pili, na mwili wako una mazoea ya miaka yote ya kubana. Ukishavuta kwenye mpira, hata mara moja, hata iwe mita 3, unapanda unatoa.