Uzio wa ekari mbili: nguzo ngapi, roli ngapi, fundi alipwe kwa lipi

Hesabu ya uzio huharibikia kwenye nguzo, kwa sababu nguzo huhesabiwa mara mbili: unapoinunua na unapomlipa fundi. Tuchukue shamba la mita 120 kwa 68, zaidi kidogo ya ekari mbili. Lipime kwa futi kamba. Hatua za miguu ziache kwa kukadiria mbegu, maana hapa hatua fupi zitakugharimu fedha taslimu.

Mzunguko ni mita 376. Lango la mita 4 likikaa katikati ya upande mmoja mfupi, uzio wenyewe unabaki mita 372. Ukitaka nguzo ziachane kwa mita 3, upande mrefu unatoa nafasi 40 kamili. Upande wa mita 68 haugawanyiki sawasawa, kwa hiyo weka nafasi 23 za sentimita 296 hivi, badala ya kuacha nafasi moja ya ajabu mwishoni. Upande wa lango unabaki na mita 32 kila mkono, yaani nafasi 11 na 11, na lango lenyewe ni nafasi moja. Jumla: 40 + 40 + 23 + 22 + 1 = nafasi 126.

Uzio unapozunguka na kurudi ulikoanzia, idadi ya nguzo ni sawa na idadi ya nafasi. Basi nguzo ni 126. Anayehesabu kila upande peke yake hupata 41, 41, 24 na 24, jumla 130, kwa kuwa kila kona ameihesabu mara mbili.

Kuna nguzo nyingine ambazo wengi huzisahau: za kuegemeza. Kila kona inavutwa na waya pande mbili, hivyo inahitaji mbili. Kona nne ni nane. Nguzo mbili za lango zinahitaji moja moja. Katikati ya kila upande mrefu weka nguzo nene ya kukazia waya, yenye egemeo mbili. Jumla 14, na sasa unanunua nguzo 140. Hapa ndipo ugomvi na fundi huzaliwa, kwa hiyo kubalianeni mapema kama egemeo inalipwa kama nguzo, na kama bei ya nguzo inajumuisha kuvuta waya.

Seng'enge huuzwa kwa roli, na urefu hutofautiana hata uzito ukilingana. Soma mita kwenye lebo, usinunue kwa kilo. Tuseme roli lina mita 480. Mistari mitano ni mita 1,860. Ongeza asilimia 5 ya kufungia na kuunganisha, unapata 1,953. Roli nne ni mita 1,920, hazitoshi, kwa hiyo unalazimika kununua la tano. Ukishalinunua, usiliache libaki stoo: mistari sita inakula mita 2,344 tu kati ya 2,400. Mstari huo wa sita uweke chini, mbuzi anakopenyezea kichwa.

Kwa bei za mfano (weka za kwenu): nguzo 12,000, roli 110,000, fundi 4,000 kwa nguzo, egemeo zikiwemo. Nguzo ni 1,680,000, waya 550,000, fundi 560,000. Jumla shilingi 2,790,000, bila misumari ya U, lango na usafiri. Ukipanua nafasi hadi mita 4, nguzo za mstari zinashuka hadi 94 na unaokoa 512,000. Kwa ng'ombe inakubalika ukifunga ufito katikati ya kila nafasi. Kwa mbuzi sikushauri, waya utalegea.

Malipo kwa nguzo yana kasoro moja: fundi anapata zaidi akichimba haraka, na shimo la haraka ni fupi. Kwa nguzo ya mita 2.1, piga alama ya rangi sentimita 60 kutoka chini kabla haijasimamishwa. Alama ikionekana juu ya ardhi, shimo halijafika. Za kona zichimbiwe sentimita 90, hivyo zinunuliwe ndefu zaidi na bei yake itapanda. Usikubali fundi anayekutana na mwamba akate kitako cha nguzo iliyotibiwa. Dawa haijafika kiini, na mchwa ataingilia hapo. Kama lazima kukata, akate juu.

Udongo urudishwe kidogo kidogo na kushindiliwa kila unapofika kiganja kimoja. Ukijazwa wote na kukanyagwa juu tu, nguzo itasimama vizuri siku hiyo na kuinama waya ukikazwa. Kwa hiyo lipa sehemu nguzo zikisimama, na iliyobaki waya ukishavutwa na kona hazijasogea.